Pasi saa tano, pampu saa saba: jinsi ya kupanga vifaa vizito ili betri ya jua isichoke mapema

Mama mmoja wa Muhumba, hapa Bukavu, aliniita mwezi wa kumi na moja akitaka nimnunulie betri mpya. Zake zilikuwa na miezi kumi na nne tu. "Fundi," aliniambia, "usiku saa nne zinalia, saa tano nyumba giza. Na jua huwa linawaka vizuri, paneli zote ni safi." Nilikaa kwake siku nzima kabla ya kumjibu. Betri zilikuwa zimechoka kidogo, lakini zilikuwa hazijafa. Kilichokuwa kinaziua ni saa ambazo nyumba ile ilikuwa inatumia umeme mwingi. Nitaeleza hatua tulizofuata, kwa sababu mtambo wake unafanana na mingi iliyopo Bukavu, Goma na hata Lubumbashi, na anayeishi na paneli nne au sita anaweza kuzifuata mwenyewe.

Mtambo wenyewe ulikuwa hivi: paneli 4 za wati 450, yaani wati 1,800 kwa jumla, onduleri ya wati 3,000 yenye regulateri ndani yake, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, betri 2 za jeli za volti 12 na ampea-saa 200, zimeunganishwa kuwa volti 24. Betri hizo zikiwa mpya na zimejaa, zinabeba takribani wati-saa 4,800.

Kwanza, andika nani anakula nini, na saa ngapi

Chukua daftari, kaa nyumbani siku moja yenye kazi nyingi, uandike kila kifaa kinachozidi wati 300. Vidogo viache. Taa, simu, redio na televisheni ni vya usiku, na betri ilinunuliwa kwa ajili yake.

Kwa yule mama, siku nzito ilikuwa Jumamosi. Maji ya bomba mtaani kwao hufika usiku. Kwa hiyo usiku uleule pampu iliwashwa kupandisha lita 1,000 kwenye siterni ya juu, mashine ya kufua ikazungushwa mara tatu maji yakiwa bado yanatiririka, na jioni ileile pasi ilikuwa imeshapigwa kwenye mashati meupe ya shule ya wiki nzima. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, lakini vyote vitatu vilitokea jua likiwa limeshazama.

Hesabu yake ni rahisi. Pampu ya nusu farasi ilikula wati 600 kwa dakika 40, yaani wati-saa 400. Mashine ilifua kwa maji baridi, na kila mzunguko ulikula kama wati-saa 150. Mara tatu ni 450. Pasi ya wati 1,000 kwa saa nzima haili 1,000, kwa sababu ikishapata moto inajizima na kujiwasha; ilikula karibu 550. Jumla ni 1,400. Onduleri nayo inapoteza kama sehemu moja ya kumi katika kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba, kwa hiyo betri ilitoa karibu 1,550. Ongeza taa, televisheni na firigo za usiku, ambazo betri ilizitolea kama 1,330. Jumla ni 2,880 kati ya 4,800, yaani asilimia 60 ya betri, kwa usiku mmoja.

Betri ya jeli ikishushwa hadi nusu kila siku, kwa kawaida huvumilia mizunguko kama 500 hadi 700. Ikishushwa asilimia 30 tu, hufika mara mbili ya hapo, na mara nyingi zaidi. Betri za lithiamu huvumilia maelfu, kwa hiyo mwenye nazo ana haraka ndogo, ingawa hesabu ya kupoteza umeme inamhusu naye kidogo.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalioni. Umeme unaoingia kwenye betri ya risasi, na jeli ni aina mojawapo ya hizo, hautoki wote. Karibu sehemu moja ya tano inapotea njiani. Ili betri itoe zile 1,550, paneli zilipaswa kuitilia karibu 1,950. Ukitumia vifaa vile mchana, jua likiwa juu, zile 1,550 zinatoka kwenye paneli na kupita kwenye onduleri moja kwa moja.

Tafuta umeme uliofichika kwenye paneli zako

Hapa ndipo wengi hupotea, na naomba usome polepole.

Siku ile, saa sita na robo mchana, jua kali, nilimwonyesha skrini ya onduleri. Mahali palipoandikwa `PV` palisomeka wati 160. Alisikitika: paneli za wati 1,800 zinatoa 160 tu? Ndiyo, na paneli zilikuwa nzima kabisa. Nilikuwa nimemwomba asiwashe kitu usiku uliotangulia, kwa hiyo asubuhi hiyo betri ilikuwa imejaa mapema. Betri ikijaa, regulateri inazibana paneli: zinatoa kile tu ambacho nyumba inatumia wakati huo, pamoja na kidogo cha kuitunza betri. Umeme mwingine wote hauzalishwi. Jua linaishia kuwa joto juu ya bati.

Kwa hiyo huwezi kujua nguvu ya paneli zako kwa kuangalia skrini betri ikiwa imejaa. Inabidi uzidai. Fanya hivi: mbingu ikiwa wazi, betri ikiwa imejaa, washa pasi. Angalia namba tatu kwenye skrini: `PV` ni kinachotoka juani, `LOAD` ni kinachotumika nyumbani, `BATT` ni betri. Kwa sekunde chache betri itasaidia, kisha `PV` itaanza kupanda. Kwake ilipanda kutoka 160 hadi karibu 1,250, na mshale wa betri ukaacha kutoka. Pasi ilikuwa inapigwa kwa jua tupu.

Kisha nikamwomba awashe na pampu. `LOAD` ikafika 1,700, lakini `PV` ikagoma kwenye 1,300 hivi, na `BATT` ikaanza kutoa. Hapo tukajua kikomo cha nyumba yake: kwa mbingu safi, saa sita, ni wati 1,300. Hiyo ni karibu asilimia 72 ya kilichoandikwa kwenye paneli, na ni kawaida. Paneli zikipata joto hupungua nguvu, vumbi hupunguza, nyaya hupunguza. Ukitoa kile onduleri inachokula na firigo inayozunguka, kinachobaki kwa kifaa kimoja kizito ni kama wati 1,000 hadi 1,100. Iandike namba yako ya nyumbani ukutani karibu na onduleri.

Kama mtambo wako hauna skrini ya kutosha, tumia mita ya volti kwenye ncha za betri. Kwa betri za risasi za volti 24 zilizojaa chini ya jua, utasoma 27 na zaidi. Washa pasi. Ikitulia juu ya 26, paneli zinabeba. Ikiendelea kushuka hadi chini ya 25.6, betri ndiyo inayolipa. Kwa volti 12, gawa namba hizo kwa mbili. Kwa lithiamu njia hii haisemi ukweli, maana volti zake hazibadiliki sana. Hapo ni lazima uangalie ampea.

Pima dirisha lako, maana kila bati lina saa yake

Saa za mashariki mwa Kongo zinaendana vizuri na jua. Hapa Bukavu jua hufika juu kabisa karibu saa sita na dakika tano kwa wastani, likisogea kama robo saa mbele au nyuma kulingana na mwezi. Lubumbashi, iliyo magharibi zaidi, huchelewa dakika chache tu. Kwa hiyo "saa sita" ya mdomoni ni saa sita ya kweli.

Lakini mji wetu ni wa vilima. Nyumba iliyoegemea mteremko unaotazama ziwa upande wa mashariki inaweza kufika kilele saa tano, na ile inayotazama magharibi ikakifikia saa nane. Mti wa mkalitusi wa jirani unaweza kuziba paneli moja kati ya saa tatu na saa nne, na paneli moja yenye kivuli inavuta chini mstari mzima ulioungwa pamoja nayo. Pima siku tatu, kila nusu saa kuanzia saa tatu hadi saa tisa, kwa kuwasha pasi dakika mbili na kuandika `PV` imefika wapi. Dirisha lako ni zile saa ambazo namba hiyo inazidi mahitaji ya kifaa chako.

Kwa yule mama, dirisha la pasi lilikuwa kuanzia saa nne na nusu hadi saa saba na nusu. La mashine ya kufua lilianza mapema, saa tatu na nusu, kwa sababu inahitaji kidogo.

Majira ya mvua, kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, mawingu hapa hupenda kujikusanya mchana ukishakwenda. Sogeza dirisha lote nyuma kwa saa moja na usingojee saa nane.

Panga foleni: kimoja kinatoka, kingine kinaingia

Kosa la kwanza la mtu aliyeelewa jambo hili ni kuwasha vyote saa sita kamili. Matokeo yake betri inatoa mchana badala ya usiku, na hakuna kilichobadilika. Vifaa vizito vipite kama watu mlangoni, mmoja mmoja.

Sisi tulipanga hivi: mashine saa tatu na nusu, pasi saa tano, pampu saa saba. Kila nafasi ina sababu.

Mashine hutangulia kwa ajili ya nguo zenyewe. Ukifua saa sita, mvua ya saa tisa itazikuta kambani. Na mashine ikifua kwa maji baridi haisumbui. Mota yake huvuta wati 300 hadi 500 inapozunguka kwa nguvu, na kati ya hapo hupumzika. Betri bado inajazwa saa hizo, na mashine inaikatia kidogo tu.

Shida ni kile chuma cha kupashia maji kilicho ndani ya mashine zinazofunguliwa mbele. Huvuta karibu wati 2,000 kwa dakika ishirini hivi za mwanzo. Paneli za wati 1,800 haziwezi kukibeba hata saa sita, siku nzuri kuliko zote. Mzunguko mmoja wa digrii 60 unakula kama wati-saa 1,000, karibu mara saba ya ule wa baridi. Weka kitufe kwenye baridi au 20, loweka nguo chafu usiku kwa sabuni, na mashuka yanayohitaji maji ya moto yafuliwe kwa maji ya jikoni. Mashine zinazofunguliwa juu, nyingi hazina chuma hicho.

Pasi hukaa katikati kwa sababu ndiyo inayodai zaidi kwa mkupuo. Watu wengi huamini kwamba ukiishusha pasi kwenye alama ya hariri, inavuta umeme kidogo. Haivuti kidogo. Pasi ya wati 2,000 ikiwaka, inavuta 2,000 kwenye alama yoyote. Alama inabadilisha muda wa kuwaka tu. Kwa hiyo pasi ya mvuke ya wati 2,000 kwenye mtambo huu itachota betri kila inapowaka, hata jua likiwa utosini. Angalia kibati kilicho chini ya mpini. Kama namba inazidi kikomo ulichoandika ukutani, tafuta pasi kavu ya wati 1,000. Ni kazi ya polepole kidogo, ila yote inatoka juani. Na mashati ya wiki nzima yapigwe kwa mkupuo mmoja Jumamosi. Kuipasha pasi moto upya kila jioni kwa shati moja ni kutupa umeme.

Usiweke pasi kwenye kamba nyembamba ya kuongeza umeme. Ikivuta ampea nne au tano kwa saa nzima, kamba mbovu huyeyuka kwenye plagi.

Pampu ni ya mwisho, na ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu maji yaliyo juu ni akiba. Siterni iliyojazwa saa saba mchana itashusha maji saa nne usiku bila wati hata moja. Kwa kuwa maji ya bomba yanakuja usiku, tuliweka siterni ya chini ya lita 1,000 yenye boya la kufunga, ijazwe yenyewe kwa msukumo wa bomba. Pampu ikapewa saa ya kuwashia, iwake saa saba na izime saa nane kasorobo, na boya la juu la kuikata siterni ikijaa. Boya la chini ni la lazima pia: siku ambayo maji hayakuja, pampu itawashwa na saa, itazunguka kavu, na mihuri yake itaungua kabla hujarudi nyumbani. Pampu inapoanza huvuta mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida kwa muda mfupi sana; onduleri ya 3,000 inavumilia, lakini ile ya 1,000 mara nyingi hujizima. Kwa pampu ya farasi moja na zaidi, saa ya kuwashia isibebe mota moja kwa moja, iamrishe kontakteri, yaani swichi kubwa inayobeba umeme wa mota.

Na kama mchana nyumba haina mtu? Pampu inajiendesha. Mashine nyingi zina kitufe cha kuchelewesha kuanza. Iweke alfajiri kabla ya kwenda kazini. Pasi haiwekewi saa kamwe, kwa hiyo ingojee siku ya mapumziko.

Usiinyime betri chakula chake cha mchana

Hili nimeliweka karibu na mwisho, lakini ndilo linaloharibu betri za watu waliofuata kila kitu kingine sawasawa. Betri ya risasi ikifika volti 28.8 hivi, bado haijajaa. Inahitaji saa mbili tatu za kushikiliwa hapo, ampea zikipungua taratibu, ndipo ijae kweli. Ikikatizwa kila siku, chumvi ngumu hujijenga kwenye sahani zake na uwezo wake haurudi.

Habari nzuri ni kwamba katika saa hizo betri inakunywa kidogo kidogo, na ndiyo maana paneli zina ziada ya kukupa. Kwa hiyo alama ya kuanza pasi ni hii: volti zimefika 28.8, na ampea zinazoingia kwenye betri zimeanza kushuka. Ukianza kabla ya hapo, unagawana na betri iliyo na njaa.

Kila siku saa tisa angalia kama regulateri imefika hatua ya `FLOAT`, volti zikitulia kwenye 27 na kitu. Siku tatu mfululizo bila kufika hapo ni onyo: punguza kifaa kimoja cha mchana. Wiki za mawingu mazito, wacha pasi kabisa. Mama yule alitoa stoo pasi yake ya makala, na kwa siku hizo ndiyo chaguo sahihi. Wingu linalopita kwa dakika mbili lisikutishe, betri italiziba. Mbingu ikifunga na `PV` ikabaki chini ya 500 kwa dakika kumi, chomoa pasi na ungoje.

Jinsi ya kujua kama imefanikiwa

Pima volti za betri alfajiri, saa kumi na mbili, kabla jua halijagusa paneli na kabla hujawasha kitu kipya. Ndiyo namba inayosema usiku ulikula kiasi gani. Kwa yule mama, kabla ya mabadiliko, asubuhi ya Jumapili ilisoma 24.0. Usiku wake sasa unakula zile 1,330 peke yake, kama asilimia 28 ya betri, na baada ya wiki mbili alfajiri ilisoma 24.8. Kwa kuwa betri inaanza siku ikiwa juu, inafika 28.8 kabla ya saa tano badala ya saa nane, na mvua ya alasiri inaikuta imeshashiba.

Betri mpya hatukununua. Tuliongeza siterni ya chini, maboya mawili na saa ya pampu. Kitu kimoja tu hakikukubali kuhama: mtoto wake wa mwisho hukumbuka saa mbili usiku kwamba sare yake imekunjamana. Shati moja ni dakika tano, kama wati-saa 80 pamoja na kuipasha pasi, na nilimwambia mama ampigie tu bila kuhesabu.